Mtoto aliyetulia hajapona

Bukavu kuna imani moja isiyoogopa diploma: mtoto akihara, tumboni mwake kuna uchafu, na dawa ni kuutoa wote. Utaikuta Ibanda kama utakavyoikuta Kadutu na Bagira. Wachungaji wanayo, walimu wanayo, na wauguzi nao, tuseme kweli, wanayo nusu. Naiita imani ya kuua. Sitaomba radhi kwa neno hilo, hata kama wanaoishika ni watu wanaowapenda wajukuu wao kuliko nafsi zao.

Nitaieleza kwa hadithi fupi. Watu wake nimewatunga, lakini nyumba yao kila mkaaji wa Cimpunda ameshaiona: vyumba viwili mteremkoni, bomba lisilotoa maji, mabidoni ya njano yamepangwa mlangoni. Binti ni muuguzi, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Mwanawe ana miezi 14. Ameanza kuhara jana mchana na ametapika mara mbili. Koko, mama yake muuguzi, hakumngoja mtu. Amechuma majani ya mubirizi, ameyatwanga, ameyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa. Maji ya kijani yanapoa bakulini, na kando yake umelazwa mpira wa pwari, ule wenye ncha, unaouzwa famasi kwa ajili ya lavema.

"Mama, usimpige lavema," binti anasema kabla hajavua viatu. "Maji yamemwishia mwilini."

"Yamemwishia?" Koko anacheka. "Si unaona yanavyomtoka? Ndani kumeharibika, mwanangu. Sasa tuache huo uchafu humo humo? Wewe mwenyewe nilikupiga lavema mara ngapi? Hukukua?"

Binti ananyamaza. Hospitalini anaamuru na watu wanatii. Hapa ni mtoto wa mama yake. Tena hoja aliyopewa si ya kipuuzi. Alipigwa, na alikua.

Hoja hiyo ndiyo inayolinda pwari kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo tuitazame vizuri. Kuhara kwingi kwa watoto kunakwisha kwenyewe kabla ya wiki kupita, upige lavema au usipige. Dawa yoyote itakayotolewa siku ya tatu itasifiwa siku ya tano. Isitoshe, utumbo mpana ukishamwagwa wote, kwa saa kadhaa hakuna kilichobaki cha kutoka. Koko akipiga saa mbili asubuhi, hadi saa nane nepi ni kavu. Anahesabu ushindi, na kwa macho yake ana haki.

Kisha kuna lile jambo linalonitia hasira zaidi. Baada ya lavema mtoto ananyamaza. Alikuwa analia, anadai ziwa, anashika kikombe kwa mikono miwili. Sasa amelala begani, macho nusu wazi, hataki kitu. Nyumba nzima inashusha pumzi: "Ametulia." Mtoto huyo hajatulia. Kilio chake cha asubuhi kilikuwa kiu, na kiu ni dalili ya mwili ambao bado unapigana. Kulegea, kushindwa kunywa, macho kuzama ndani ni dalili za mwili unaoelekea kushindwa. Vuta ngozi ya tumbo lake kati ya vidole viwili, kisha iachie. Ya mtoto mzima inarudi papo hapo. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikikaa imesimama zaidi ya sekunde mbili, mbebe sasa hivi, na usimngojee mtu wa kukushauri.

Tatizo la imani yenyewe ni kwamba inakosea kujua kile kinachotoka ni nini. Yale maji ya nepi si chakula kilichooza. Ni maji na chumvi za damu. Hata kwa mtu mzima mwenye afya, kila siku utumbo unapokea lita nane hivi za maji, kuanzia mate hadi nyongo, na karibu yote unayarudisha mwilini. Virusi vya rota vinapoharibu ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba, kazi ya kurudisha inakwama. Sumu ya kipindupindu nayo inaufanya utumbo umwage chumvi, na maji yanaifuata. Lavema haifiki huko. Inaishia kwenye utumbo mpana, mahali ambapo mwili ulikuwa unajaribu kuokoa maji ya mwisho. Kwa maneno mengine, Koko anasafisha chumba ambacho hakikuwa na ugonjwa, na kukifanya kishindwe kazi yake.

Wala si kupoteza maji peke yake. Majani yale hayana kipimo: leo konzi moja, kesho mbili, na hakuna ajuaye ukali wake. Ncha ya pwari inaweza kuchana, maji ya moto yanaweza kuunguza. Na maji mengi yasiyo na chumvi, yakinyonywa na mwili mdogo uliokwisha kupoteza chumvi, yanaweza kuizimua damu hadi mtoto akashikwa na degedege. Hapo jirani atasema ni mapepo, na mambo yatahamia kwingine kabisa.

Kabla msomi wa Nguba hajamcheka Koko, akumbuke kwamba wazungu walifanya vilevile, tena kwa vitabu. Katikati ya karne ya 19, daktari wa London aitwaye George Johnson alifundisha kwamba kuhara kwa kipindupindu ni mwili unaofukuza sumu, kwa hiyo mgonjwa asaidiwe kwa mafuta ya nyonyo ahare zaidi. Hiyo ni hoja ya Koko neno kwa neno. Na mnamo 1832 daktari wa Uskoti, Thomas Latta, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mgonjwa anayekufa kwa kipindupindu anaweza kuinuka akitiwa maji ya chumvi mshipani. Hakusikilizwa vya kutosha. Imani ya kusafisha si ya Bushi wala ya Afrika. Ni ya kila mtu anayetazama nepi na kusahau kumtazama mtoto.

Sisi wa Kivu hatuna udhuru wa kutojua. Julai 1994, ng'ambo ile ya ziwa, karibu wakimbizi 50,000 walikufa Goma katika mwezi wa kwanza, wengi mno kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwaka uliofuata madaktari kutoka Bangladesh waliokwenda kusaidia waliandika kwa nini hata vituo vya tiba vilishindwa kuwaokoa wengi: maji yalirudishwa polepole mno, na yale ya kunywa yalitumika kidogo.

Turudi Cimpunda. Binti hagombani tena. Anamchukua mtoto hadi kituo cha afya cha mtaa, anampima: kilo 8.9. Kadi inasema wiki mbili nyuma alikuwa 9.6. Gramu 700 zimekwenda, na karibu zote ni maji. Macho yamezama kidogo, ngozi inarudi polepole, lakini anagombania kikombe. Kwa hali hiyo kipimo ni mililita 75 za SRO kwa kila kilo, katika saa nne: kwake, kama mililita 670. Anarudi na pakiti mbili na kumwambia mama yake: "Mama, mikono yangu imechoka, nimekesha. Mnyweshe wewe. Kijiko kimoja cha chai, na kabla dakika mbili hazijapita, kingine. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena taratibu."

Hiyo ndiyo akili. Koko alitaka kufanya kitu, akapewa kazi ya saa nne.

Ila Koko anachukua chupa ya Primus kupimia. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibu dawa nzuri. Pakiti ya SRO ni ya lita moja kamili, na chupa ile kubwa ni sentilita 72. Ukiimwaga pakiti nzima humo, chumvi inazidi kipimo kwa zaidi ya theluthi moja, na maji yenye chumvi nyingi hivyo yanaweza kuongeza kuhara na kumdhuru mtoto. Binti anampa chupa ya maji ya lita moja, maji yaliyochemshwa na kupoa. Yakipita saa 24, yamwagwe. Siri ya pakiti ni sukari: utumbo ulioumia bado una mlango mmoja ulio wazi, ambamo sukari na chumvi huingia zikiwa pamoja, na maji yakazifuata.

Saa kumi jioni Koko ana swali, na ni swali zuri kuliko yote niliyoyasikia katika mabishano haya: "Mbona bado anahara?"

Kwa sababu SRO haizuii kuhara. Inarudisha kinachotoka. Wauguzi wengi hawalisemi hilo, mama anarudi nyumbani akidhani amepewa kizuizi, anaona nepi ya tatu imelowa, na pwari inashinda jioni hiyo hiyo. Kinachofupisha kuhara ni zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa umri huu, siku 10 hadi 14, hata kama amekwisha kupona siku ya nne. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walilitaka hilo mwaka 2004. Ziwa na chakula viendelee. Damu kwenye choo ni habari nyingine, ni ya daktari siku hiyo hiyo.

Na nisiwaache wenzangu wa koti jeupe wapite wakichekelea. Mtoto anayehara maji tu, bila damu, anapewa Flagyl, mara nyingine na vidonge vya kufunga tumbo ambavyo mtoto mdogo hapaswi kupewa kabisa, na SRO inasahauliwa kwa sababu ni ya bei ndogo na haionekani kama dawa. "Tuue hao vijidudu, tumbo lisafike." Sasa mtu huyo ametofautiana wapi na Koko? Koko angalau majani yake amechuma bure.

Kwenye CPS tunawahutubia kina mama vijana kila mwezi kuhusu kuhara, wao wanaitikia, wanarudi nyumbani ambako hawaamui lolote. Anayeamua amebaki akiota jua mlangoni. Kituo cha afya kinachotaka pwari zipungue kiwaite makoko, kiwaketishe benchi la mbele, kiwape pakiti, chupa ya lita moja na kijiko, wachanganye wenyewe. Na muuguzi aanze na swali la yule wa Cimpunda, mbona bado anahara, kabla hajaulizwa.