Hela ya mboga ipite mkono wa nani?

KIBARAZANI
Na Mwanaidi Shomari

Mwezi wa kwanza mkamwana ni mgeni. Anaamka kabla ya wote, anafagia uwanja, anasubiri kuelekezwa. Kisha siku moja gesi inakata maharage yakiwa jikoni, na hapo ndipo watu wanapojuana.

Nyumba moja ninayoijua huko Mbagala ilifika hapo. Kijana ni seremala, mkewe anashona. Kila asubuhi kijana anamwachia mama yake shilingi 10,000 za matumizi, kama alivyozoea tangu hajaoa. Mke akitaka vitunguu, sharti amwombe mama mkwe. Gesi na umeme wa LUKU hakuna aliyevipangia, basi vikaangukia kwenye hela ya cherehani.

Mtungi wa kilo 15 uliokuwa ukimaliza mwezi ukaanza kuisha wiki ya tatu. Mama mkwe akasema mkamwana anachezea gesi. Kumbe ni maharage: zamani yalichemshiwa kwenye mkaa, sasa yanabandikwa kwenye gesi makavu, hayajalowekwa. Mke alipoyaloweka usiku, asubuhi mama aliyaanika, eti yanapoteza ladha. Majirani wanauita ugomvi wa maharage. Mimi nauita ugomvi wa ile elfu kumi.

Anayeshika hela ya mboga ndiye anayeamua kipikwe nini na kwa moto gani. Anayenunua gesi naye anataka kauli. Hapo kila mmoja ameshika nusu ya jiko, na hakuna aliyeambiwa nusu yake inaishia wapi. Mama wa watu simlaumu. Amepika jikoni humo maisha yake yote, na hela analetewa mkononi. Namlaumu anayeiacha hapo na kutoka.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtwika mume chakula, mavazi na makazi ya mkewe, kwa kadiri ya uwezo wake. Haisemi matunzo hayo yapitie kwa mama mzazi. Lakini mke hawezi kudai mwenyewe ukweni kwamba hela ipitie kwake. Akifungua mdomo ataambiwa amekuja kumtenganisha mtu na mamaye. Ni kazi ya mtoto wa nyumba, tena mbele ya baba yake.

Na wewe kijana ukiona dawa ni kuwa na jiko lenu wenyewe, kabla ya kuongeza chumba cha uani kwa hela ya kikoba cha mkeo, uliza kiwanja kina jina la nani. Kikiwa cha baba, siku akifariki madai ya urithi yatakuja na ndugu zako wote, na tofali za mkeo zitakuwa humo humo.

Kijana, Jumapili hii waketishe mama na mkeo pamoja, mbele ya baba. Sema wazi hela ya mboga atashika nani, gesi na LUKU vitalipwa na nani, na siku zipi mkeo anapika apendavyo. Usimtume dada yako akusemee.