Roboti itaje mapema isichokiweza

Na Neema Mwakalinga

Anayepiga namba ya USSD kulipia huduma huiona menyu nzima mbele yake. Kisichoandikwa hapo hakipo, naye hana sababu ya kukidai. Roboti ya mazungumzo ndani ya WhatsApp haina menyu hiyo usoni. Inampa mteja kisanduku kitupu cha kuandikia, na mbele ya kisanduku kitupu mtu huamini kwamba lolote laweza kuombwa. Kwa hiyo nashikilia kwamba kazi ya kwanza ya ujumbe wa kufungulia na vitufe vyake ni kuweka mipaka wazi, na ukaribisho ufuate baadaye. Taasisi nyingi huanza na "Karibu, nikusaidie nini leo?" na kuishia hapo. Mteja anabaki kubahatisha, na anapokosea anajibiwa "Samahani, sijaelewa", kana kwamba kosa ni lake.

Tuchukue mfano wa mamlaka ya maji ya mji fulani. Roboti yake imeunganishwa na mfumo wa ankara, hivyo inaweza kusoma deni, kutoa namba ya malipo na kupokea taarifa ya bomba linalovuja. Haina mamlaka ya kurekebisha bili yenye utata wala kurudisha maji yaliyokatwa. Ujumbe wake wa kwanza ungeweza kusomeka hivi: "Hii ni huduma ya majibu ya kiotomatiki. Naweza kukuonyesha deni, kukupa namba ya malipo na kupokea taarifa ya bomba linalovuja. Siwezi kubadilisha bili wala kurudisha maji. Hayo ni ya mhudumu, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tafadhali andika, sisikilizi sauti wala sisomi picha." Sentensi ya mwisho husahaulika sana, ilhali kwetu watu wengi hupenda kurekodi sauti kuliko kuandika, na anayelalamikia bili hutuma picha ya mita kwanza. Asipoambiwa mapema, ataieleza shida yake yote kwa sauti ambayo hakuna atakayeisikiliza.

Vitufe navyo vina masharti yake. WhatsApp huruhusu vitufe vitatu vya majibu chini ya ujumbe, kila kimoja kisizidi herufi 20, nafasi zikihesabiwa. Kiswahili hubanwa hapo haraka: "Toa taarifa ya uvujaji" ina 22, haiingii, "Ripoti uvujaji" inaingia. Ningeweka "Deni na malipo", "Ripoti uvujaji" na "Ongea na mhudumu". Wabunifu wengi hutamani kitufe cha tatu kiwe "Huduma nyingine", nami nakipinga kabisa, kwa sababu kinarudisha kule kubahatisha tulikotaka kukuondoa. Huduma zikizidi tatu ipo orodha ya hadi safu 10, lakini hiyo haionekani mpaka mtu aifungue. Yale yanayoulizwa kila siku yasifichwe humo. Na kwa kuwa vitufe hupanda juu na kupotea mazungumzo yanapoendelea, anayeandika "bili" au "mhudumu" kwa mkono wake apate jibu lilelile.

Wapo wanaosema kutaja udhaifu mlangoni kunaishushia taasisi hadhi. Lakini mteja ataugundua udhaifu huo tu; tofauti ni kama ataugundua kwa sekunde kumi za kusoma au baada ya robo saa ya kuandika bure. Wengine husema watu hawasomi. Ni kweli kwa ujumbe mrefu, ndiyo maana usizidi sentensi nne au tano, na mpaka urudiwe pale mtu anapoufikia: anayebonyeza "Deni na malipo" akaandika kwamba bili si sahihi, aambiwe papo hapo kuwa hilo ni la mhudumu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba roboti za siku hizi, zinazoendeshwa na akili mnemba, huelewa lugha ya kawaida, hivyo vitufe vimepitwa na wakati. Kuelewa swali si sawa na kuwa na uwezo wa kulitekeleza, wala na kulijibu kwa usahihi. Shirika la ndege la Air Canada lilijifunza hilo Februari 2024. Roboti yake ilikuwa imemweleza abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli baada ya safari, jambo ambalo kanuni za shirika hazikuruhusu. Shirika lilijitetea kwamba roboti inawajibika kwa matendo yake yenyewe; baraza la usuluhishi la British Columbia likaukataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe. Kadiri roboti inavyozungumza kwa ufasaha, ndivyo mteja anavyoamini hata isichokijua.

Nawaomba wanaoagiza roboti hizi wafanye jambo moja wiki ya kwanza baada ya kuzizindua: wasome ujumbe ambao kila mteja ameuandika mara tu baada ya salamu ya roboti. Wengi wakiomba huduma isiyokuwepo, roboti isiguswe kwanza. Uandikwe upya ujumbe wa kufungulia.