Mvua Isiyopimwa na Jedwali Lenye Mapengo

Mtu atakaye kujenga lambo katika Mkoa wa Shinyanga hana budi kutafuta kwanza jedwali la mvua, na aghalabu jedwali apewalo huwa limejaa nusu tu. Mistari yake ni miezi na miaka. Safu zake ni vituo, kama vile Shinyanga mjini, Kahama na Geita. Mahali pamoja msomaji wa kipimamvua aliugua, pengine chombo kilitoboka, kwingineko daftari lilipotea. Fundi hawezi kusubiri miaka thelathini mingine ili apate jedwali kamili. Kwa hiyo visanduku vitupu hujazwa kwa makisio yatokanayo na vile vilivyojaa. Kazi hiyo ni halali. Kosa ni kuyatendea mapengo yote kana kwamba ni ya namna moja.

Njia ya zamani na nyepesi ni ya uwiano. Ichukuliwe, kwa tarakimu za mfano tu, kwamba wastani wa Machi ni milimita 120 Shinyanga, 130 Kahama na 160 Geita, ambako ukaribu wa Ziwa Viktoria huongeza mvua. Mwaka fulani Kahama ilipata 104 na Geita 144, lakini kisanduku cha Shinyanga ni kitupu. Kahama ilipata sehemu 0.8 ya kawaida yake, na Geita sehemu 0.9. Wastani wa sehemu hizo ni 0.85, ukizidishwa kwa 120, makisio ya Shinyanga huwa milimita 102. Safu imesema kituo kina desturi gani, na mstari umesema mwezi ule ulikuwaje.

Kwa jumla ya mwezi njia hii hufaa. Kwa siku moja moja hupotosha, maana mvua ya radi huko Usukumani huweza kulowesha kijiji kimoja na kuacha cha jirani kikiwa kikavu. Wastani wa majirani huzaa siku nyingi za manyunyu na hufuta siku chache za gharika. Jedwali lililojazwa hivyo huonekana tulivu kuliko hali ya hewa yenyewe.

Lipo pia pengo lisilo pengo. Kipimamvua kisiposomwa siku mbili, maji hayaendi popote. Hungoja ndani ya chombo. Siku ya tatu msomaji akiandika 45, hiyo ni mvua ya siku zote tatu. Ikiwa kituo jirani kilipata 10, 20 na 0, basi 45 igawanywe kwa uwiano huohuo: 15, 30 na 0. Anayejaza 10 na 20 kisha akaiacha 45 mahali pake ameiletea Shinyanga milimita 75, yaani mvua ambayo haikunyesha kamwe.

Baya kuliko yote ni pengo lililosababishwa na kile kilichokuwa kikipimwa. Mto ukifurika, msomaji hashindwi kuvuka siku ya kiangazi. Hushindwa siku ya mvua kubwa. Chombo nacho kikifurika au kikizolewa, tarakimu inayokosekana ndiyo iliyo kubwa. Majirani waliopata mvua ya wastani hawawezi kuitoboa siri hiyo.

Kipimo cha uaminifu hakihitaji mitambo. Vifichwe visanduku vilivyojaa, vikisiwe kana kwamba ni vitupu, kisha makisio yalinganishwe na ukweli. Kwa miezi ya mvua tofauti zitaonyesha ni kiasi gani cha kuamini. Jaribio hilohilo likifanywa katika jedwali la sampuli za dhahabu za Geita, ambamo mistari ni kina cha mwamba na safu ni mashimo yaliyochorongwa, mara nyingi litatoa jibu kali zaidi. Dhahabu hukaa katika punje zilizotawanyika. Nusu mbili za kipande kimoja cha mwamba huweza kutoa vipimo vilivyo mbali sana. Tena vipande hupotea hasa pale mwamba ulipopasuka na kulainika, na pengine mipasuko hiyo ndiyo iliyopitisha dhahabu. Kumkisia jirani hapo ni karibu na kubahatisha.

Kwa hiyo yafaa kila tarakimu ya makisio iandikwe kwa wino mwingine, na sababu ya pengo iwekwe pembeni. Fundi wa lambo aweza kuitumia kukadiria maji yatakayokusanyika kwa mwaka. Utoro wa lambo, ile njia ya kutolea maji ya ziada, ni jambo jingine: upana wake hutegemea siku moja ya gharika, nayo ndiyo siku ambayo makisio huifuta. Upana huo ukadiriwe kwa mvua zilizopimwa, pamoja na alama za mafuriko ambazo wazee wa kijiji waweza kuzionyesha kwenye kingo za mto.