Wacheni kuandika "malaria ++"
Wasee wa maabara, leo mtanikasirikia, lakini lazima niseme. Hiyo tabia ya kuandika "malaria ++" kwa mtihani wa praktikali halafu unaenda chai ni uvivu, na si mtahini tu anayeumia.

Kwanza jiulize ++ ni nini. Ni vimelea 11 hadi 100 katika duara 100 za tone nene, chini ya lenzi ya mara 100. Yaani 12 ni ++, na 95 pia ni ++. Sasa hiyo inamwambia daktari nini?

Chukulia mgonjwa wa Kawangware aliyetoka Busia kuona wazazi, akarudi na homa. Hapa Dagoretti kuna baridi, kwa hivyo malaria nyingi tunayoona imepanda matatu ikaja. Jumatatu unasoma slaidi yake. Unahesabu vimelea pamoja na seli nyeupe. Ukifika seli nyeupe 200 una vimelea 12. Hawajafika 100, kwa hivyo husimami, unaendelea hadi seli 500. Unapata 30. Tunachukulia mtu ana seli nyeupe 8000 kwa mikrolita, isipokuwa kama hesabu yake halisi unayo. Basi:

30 × 8000 ÷ 500 = 480

Anameza dawa. Jumatano unarudia, na kwa seli 500 unapata vimelea 4. Hiyo ni 64 kwa mikrolita. Dawa inafanya kazi, tena poa sana! Lakini kwa plasi zako? Jumatatu ++, Jumatano ++. Daktari anaona dawa imegonga mwamba, anabadilisha tiba bure.

Najua mtasema, "Aii, plasi ni za haraka." Sawa, lakini duara zenyewe hazilingani. Tone likiwa nene zaidi, kila duara linabeba damu nyingi, na plasi zinapanda bila ugonjwa kupanda. Seli nyeupe zinakulinda hapo, kwa sababu tone likinenepa nazo zinaongezeka pamoja na vimelea.

Na kabla hujahesabu, hakikisha ni kimelea. Tafuta nukta nyekundu pamoja na utepe au pete ya buluu. Zungusha skrubu ndogo ya darubini kidogo: uchafu wa rangi mara nyingi unaonekana vizuri wakati seli zimefifia, kwa sababu umekaa juu yake. Huo hauhesabiwi. Na usiandike "hakuna vimelea" kabla ya kupitia angalau duara 100.

Kama hesabu haiwezekani kabisa, plasi ni heri kuliko kunyamaza. Lakini kwa mtihani umekaa na darubini, kihesabio mkononi na dakika zako. Kisingizio chako ni gani?