Simu ikilia mara mia, nani atasikia ile ya lazima?

Wenye kuishi Goma mwezi wa Mei 2021 wanakumbuka. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na siku zilizofuata udongo uliendelea kutetemeka. Siku za namna ile, kila tetemeko linazaa ujumbe kumi katika simu. Sikio linachoka, na mtu anaizima sauti. Lakini tarehe 27, mapema kabisa, serikali iliagiza watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma wahame. Tangazo hilo moja lilipita mengine yote kwa uzito. Tufanyeje ili la namna hiyo lisizame?

Kwanza, tupange kwa uzito. Wachunguzi wa volkano wa Goma wanatumia rangi nne: kijani, manjano, machungwa na nyekundu. Sisi katika kikundi tatu zinatosha. Nyekundu: fanya kitu sasa hivi. Manjano: fanya kitu kabla ya kesho. Kijani: ni habari tu. Kabla ya kutuma, tujiulize: mama anayesoma afanye nini, na lini? Kama jibu hakuna, ni kijani.

Pili, tukusanye yenye chanzo kimoja. Tuseme udongo umetetemeka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu na saa tano, na masomo ya kesho yamesimamishwa. Matetemeko matatu yana mzizi mmoja, basi mama mmoja anayeandika anatuma jioni: «Leo matetemeko matatu, rangi haijabadilika.» Habari ya masomo inakwenda peke yake, manjano. Ila rangi ya volkano ikibadilika, tusingoje jioni.

Tatu, usiku tunyamazishe simu, lakini tuache mlango mmoja wazi. Katika simu nyingi za Android kuna Ne pas déranger. Tuweke tangu saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja asubuhi, na turuhusu simu za wamama wawili wenye zamu. Tunaweza pia kuruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15, naye atasikika. Tuangalie vizuri: ruhusa hizo ni za kupigiwa, si za ujumbe wa kuandika. Kwa hiyo nyekundu haiandikwi tu, inapigwa. Na kwa kuwa rezo inaweza kukatika au batri kuisha, kila mama anajua mlango wa jirani atakaogonga.

Tutajuaje kama mpango unafaa? Kwenye mkutano, tuulize kila mmoja: onyo la mwisho la manjano lilisema nini? Nusu wakikosa jibu, tunatuma mengi mno. Na kama nyekundu inatoka kila juma bila mtu kuondoka nyumbani, tuirudishe mahali pake, ili siku ya kuondoka kweli watu wainuke.