Msitutumie Picha ya Maneno

Kila tukilalamika kwamba tangazo halikusomeka, jibu la ofisini ni lile lile: "Pakueni ile Lite, ni nyepesi." Haya, tuizungumze hiyo Lite, maana wengi wanaoitaja hawajawahi kuitumia. Wao wana simu kubwa na waifai ya ofisi. Sisi tunaoitumia kila siku ndio tunajua inabeba nini na inaacha nini.

Simu unayoikuta mikononi mwa watu hapa kambini mara nyingi ina RAM ya gigabaiti 1 na nafasi ya gigabaiti 8, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo imeshachukuliwa na simu yenyewe kabla hujaweka chochote. Weka humo Facebook ile kubwa uone. Siku chache tu imeshameza mamia ya megabaiti, kwa sababu inajiwekea picha na video ulizokwisha tazama. Kwenye RAM ndiyo mbaya zaidi. Ukitoka kidogo kwenda kujibu ujumbe wa WhatsApp, simu inaifunga Facebook kimya kimya ili ipate nafasi. Ukirudi, inaanza upya, inavuta ukurasa upya, na bando lako linalipa mara ya pili kwa kitu kile kile. Halafu watu wanasema simu imelogwa, inakula mega.

Kwa hiyo mimi si adui wa Lite. Anayesema eti ni Facebook ya maskini aendelee kujivunia simu yake inayoganda. Facebook Lite ilitoka mwaka 2015, na faili lake lilikuwa chini ya megabaiti 1. Udogo huo una maana yake. Ile kubwa inabeba ndani ya simu maelekezo yote ya kupanga na kuchora kurasa. Lite imeiacha kazi hiyo kwenye seva za kampuni: seva inapanga ukurasa, simu inaupokea na kuuonyesha. Ndiyo maana simu dhaifu inaiweza. Na ndiyo maana pia mtandao ukikatika, Lite inabaki kama duka lililofungwa: unabonyeza, hakuna anayejibu, kwa sababu anayejibu yuko mbali.

Na picha je? Seva inaipunguza kwanza, ilingane na kioo cha simu yako, ndipo inakutumia. Picha ya harusi ya dada yako aliyebaki Bukavu haidhuriki sana kwa hilo, uso utautambua. Lakini maandishi madogo ndani ya picha yanakufa hapo hapo. Ukivuta kwa vidole ili uyakuze, hukuzi maandishi, unakuza ukungu.

Sasa njooni kwenye tangazo la uhakiki lililopita. Sitaitaja ofisi. Lilikuwa bango zuri, rangi ya bluu, nembo nne juu, picha ya familia inayocheka, na chini kabisa jedwali la zoni na tarehe kwa herufi za kama punje za mtama. Kwenye simu ya aliyelitengeneza lilipendeza, sina shaka. Kwenye Lite, 3 na 8 zilifanana kama mapacha. Jirani yangu, mama wa watoto watano, alisoma tarehe 18 badala ya 13. Alipofika, aliambiwa zoni yake imepita, arudi kujieleza. Nilimsikia mtumishi mmoja akimwambia: "Mama, si ilikuwa Facebook?" Ndiyo, ilikuwa Facebook. Ila iliyomfikia yeye haikuwa ile uliyoiona wewe.

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chukua mtandao wa ile alama ya E, unaotoa kilobiti 100 kwa sekunde. Hizo ni kama kilobaiti 12 na nusu. Bango la kilobaiti 200 linachukua sekunde 16, kama halikukatika njiani. Barua iliyopigwa skani ikawa PDF ya megabaiti 3 inachukua dakika 4, na hapo simu iwe na chaji na wewe uwe umesimama pale pale penye mtandao. Tangazo lile lile likiandikwa kwa maneno, herufi 600, halifiki hata kilobaiti 1. Linaingia kabla hujamaliza kubonyeza.

Kuna wanaosema, "Maneno matupu hayavutii." Ndugu yangu, tarehe ya uhakiki haihitaji kuvutia. Hakuna mtu hapa anayehitaji kubembelezwa asipoteze mgao. Wengine wanasema, "Wengi hawajui kusoma." Hoja hii ina uzito, lakini bango nalo lina maneno! Asiyesoma, msomee: dakika 1 ya sauti kwenye WhatsApp haifiki kilobaiti 200, na unaweza kuirudia kwa Kiswahili, Kirundi na Kibembe. Maneno yaliyoandikwa yana faida nyingine ambayo picha haina kabisa. Mtu anaweza kuyanakili, kuyatafsiri, kuyatafuta tena wiki ijayo, na kuyatuma kwa SMS kwa mzee mwenye kitochi ambaye hana Facebook yoyote, kubwa wala ndogo.

Na mkitaka kutoa ushauri wa "pakueni Lite", basi maliziieni sentensi. WhatsApp haina Lite iliyotolewa na wenyewe. Hizo zinazosambazwa kwa kurushiana mafaili, mara WhatsApp Lite, mara GB, mara FM, ni kazi za watu wengine. WhatsApp huzifungia namba zinazozitumia, na mwaka 2021 wachunguzi wa Kaspersky walikuta kirusi kiitwacho Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp. Nimeona kijana akipoteza namba ambayo shirika lilikuwa linampigia, kwa sababu tu aliambiwa atafute iliyo nyepesi.

Wepesi wa WhatsApp ya kweli uko ndani yake. Fungua Settings, ingia Storage and data, kisha When using mobile data, uondoe alama zote. Hapo picha na video hazijishushi zenyewe. Unabonyeza ile unayoitaka. Pale pale washa Use less data for calls. Hilo linafaa kufundishwa kwenye mikutano yenu ya vijana kuliko huo wimbo wa Lite, Lite.

Tena msituwekee maisha yetu yote juu ya programu hizi nyepesi kana kwamba ni ardhi. Messenger Lite ilifungwa mwaka 2023, wenye simu ndogo wakaambiwa wahamie kwingine. Sisi kuhama tunakujua.

Kwa hiyo, wapendwa wa mashirika, wekeni bango lenu kama mnalipenda, wafadhili waone nembo. Lakini juu yake, pale pa kuandikia, andikeni tangazo lote kwa herufi. Siyo "tazama picha hapa chini". Lote. Mfano huu hapa:

"UHAKIKI. Zoni 5: Jumatatu tarehe 8. Zoni 6: Jumanne tarehe 9. Saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kituo cha mgao. Mje na: karatasi ya familia, kitambulisho, watoto wote. Mgonjwa asiyeweza kutembea: mwambieni kiongozi wa kijiji kabla ya tarehe 7. Hakuna malipo."

Hizo ni herufi zisizofika 300. Zinatosha kwenye SMS mbili.