Picha Mbili, Mkono Mmoja



Kwa majuma kadhaa tumekuwa tukiwahimiza mtuletee picha zenu za utotoni pamoja na za leo, tuziweke ubavu kwa ubavu katika safu hii na kuziandikia maneno mawili matatu chini yake. Mmetuitikia kwa ukarimu, nasi tumecheka na mapengo yenu, na masikio yenu, na kanzu zenu zilizofagia sakafu. Juma lililopita bibi mmoja alitusimamisha njiani akatuuliza, "Na nyinyi, zenu zi wapi?" Tukakosa la kujibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Basi leo zamu ni yetu.

Picha ya zamani ilikuwa ukutani kwa dada yetu mkubwa, ndani ya fremu ya mbao. Ilipigwa katika studio moja ya Mombasa siku ya Idi, tulipopitishwa huko kabla ya kwenda kutembezwa Makadara. Nyuma yetu pana pazia lililochorwa ngazi na maua. Sisi tumesimama katika kanzu nyeupe, makubadhi miguuni, na kofia ya vito iliyoshuka hata ikakaa juu ya masikio, kwa kuwa ilikuwa ya baba. Kinywa ki wazi, na meno mawili ya mbele ya juu hayapo. Kando yetu amesimama dada, ameweka mkono wake begani petu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuitoa picha hiyo katika fremu, na hapo ndipo tulipokaribia kuiharibu. Unyevu wa pwani yetu, ukikaa miaka mingi baina ya kioo na picha, huugandisha uso wa picha kwenye kioo. Tulipofungua ubao wa nyuma na kuinua pembe moja, tukaona picha inakataa kutoka. Aivutaye kwa nguvu huiacha sura yake kiooni na kubaki na karatasi tupu mkononi. Tukaiacha ilipo, tukaamua kuipiga kwa simu juu ya kioo chake.

Lakini kioo ni kioo. Mara ya kwanza tulipata taswira ya dirisha. Mara ya pili, ya upara wetu wenyewe uking'aa katikati ya pazia la studio. Dada akatucheka mpaka akakaa chini. Kisha akatufundisha kazi: akailaza fremu mezani kando ya dirisha, penye mwanga usio wa jua kali, akatukataza kuwasha taa ya simu, akachukua buibui lake la zamani akalitandaza juu nyuma ya simu kama pazia. Kioo kilipokuwa na weusi tu wa kuakisi, picha ikatoka safi kama kwamba kioo hakipo.

Kazi ya pili ilikuwa tarehe. Maisha yetu yote tumewaambia watu, na wajukuu wetu hasa, kwamba hapo tulikuwa na miaka 5. Ni hadithi tamu: mtoto wa miaka 5 aliyesimama kiume mbele ya kamera. Lakini ubao ulipofunguliwa, tulikuta nyuma ya picha mwandiko wa marehemu baba, kwa hati za Kiarabu: Idi ya Mfunguo Mosi, 1389. Mfunguo Mosi wa mwaka huo uliangukia Disemba 1969, nasi tulizaliwa katikati ya 1962. Tulikuwa na miaka 7 na ushei. Tukataka kubisha, dada akaonesha kidole kinywani petu pale pichani. "Meno ya juu ya mbele hayang'oki na miaka mitano," alisema. "Amelea wangapi huyu asiyejua hilo?" Ni kweli, meno hayo kwa kawaida huanza kutoka mtoto akaribiapo miaka 7. Mwandiko na mapengo vilikuwa vimeshuhudia jambo moja, nasi tukashindwa kesi.

Kazi ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito. Tulikwisha kuandika maneno ya kuchekesha kuhusu dada: nywele zake kichwa wazi, gauni lake la mikono mifupi, na uso alioukunja kwa kuchoshwa nasi. Tulidhani hapana ubaya, maana alikuwa mtoto wa miaka 10. Tukamsomea. Hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule mtoto ni mimi. Wewe wataka kujicheka, jicheke. Mimi hujaniuliza."

Tuliona haya. Tangu tuanze safu hii tumepokea picha nyingi zenye watoto wawili, watatu, na mara zote tumemwuliza aliyeileta tu. Aliyesimama kando yake hatukumwuliza kamwe. Na mzaha wa picha hizi una mpaka wake: mwenye uso ndiye mwenye ruhusa ya kuuchekea. Tangu leo tutauliza kuhusu kila uso unaojulikana kabla ya kuuchapisha.

Tulimwomba radhi, tukamwambia tutaiacha picha. Akakataa. Alisema tuikate, lakini tukate nakala iliyo katika simu, si ile ya ukutani, na kilichobaki chake kiwe mkono tu. Ndivyo tulivyofanya. Mkiitazama picha ya kushoto, mtauona mkono mdogo umetoka pembeni na kushika bega letu. Sisi siku zote tuliudhania ni wa mapenzi. Dada ametueleza kwamba tulikuwa tumekwisha kumkimbia mpiga picha mara mbili, naye aliamriwa atushike.

Kwa picha ya pili tulikwenda barazani kwake. Tukavaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, safari hii ya kwetu wenyewe. Tukasimama vile vile, mguu wa kulia mbele kidogo. Mjukuu alikuwa anahesabu moja, mbili, nasi tukahisi mkono begani. Dada alikuwa amesimama nje ya picha, ameunyosha mkono wake katika mkono wa buibui. "Simama wima," alisema, "umekuwa upinde."

Na haya ndiyo maneno tuliyoyaandika chini, baada ya yeye kuyasoma na kuyapitisha:

"Kushoto: Mombasa, Idi ya Mfunguo Mosi 1389, Disemba 1969. Tuna miaka 7, si 5 kama tulivyokuwa tukidai. Meno mawili yamekwenda, kofia ya baba imekuja. Kulia: barazani kwa dada, mwaka huu. Kofia sasa yatutosha; meno yaliyokwenda tumeacha kuyahesabu. Mkono begani ni ule ule, na mwenyewe asema bado hatuamini."

Picha ya ukutani imerudi mahali pake, ingali imeganda kiooni, na watoto wote wawili wamo. Nyuma ya ubao, kwa penseli laini, tumeongeza mstari mmoja chini ya mwandiko wa baba: majina yetu mawili, na miaka yetu ya kweli.